Bango la Idi kutoka kwa wasio Waislamu: lipi la kuondoa?

Mpangaji: Wakuu, naombeni ushauri. Tunauza samani, na kazini sote ni Wakristo. Tunaandaa bango la Idi al-Fitri: picha ya Kaaba, juu yake aya ya Kurani kwa Kiarabu, chini nembo yetu na "Punguzo la asilimia 20". Muundo huohuo utachapwa kwenye mifuko ya wateja. Tunawatakia heri kwa dhati. Kuna la kumkwaza Mwislamu hapo?

Ummu Nasra: Salamu tunaipokea kwa furaha, ndugu yangu. Kinachoumiza ni aya. Mfuko ukifika nyumbani unatiwa takataka, unatupwa, unakanyagwa, na maneno ya Mungu yamo. Hata Bismillahi usiichape kwenye kitu cha kutupwa. Kaaba nayo inaendana na Hija, yaani Idi al-Adha mwezi wa Dhulhija. Fitri ni kumaliza mfungo wa Ramadhani. "Idi Mubarak" na hilali vinatosha.

Jicho Kali: Hilali ni alama takatifu, asiiguse. Na asimchore Mtume.

Ummu Nasra: La Mtume umesema kweli. Hilali haiabudiwi, Kurani inaitaja miezi miandamo kuwa ya kuwajulisha watu nyakati na Hija. Iweke bila wasiwasi.

Neema: Mimi kuna duka kila mwaka linanitumia "Heri ya Ijumaa Kuu, sherehekea na ofa zetu". Siku hiyo tunakumbuka mateso na kifo cha Yesu! Salamu za shangwe zisubiri Pasaka.

Fundi Mabango: Mpangaji, mkiandika salamu kwa Kiarabu, angalieni herufi. Programu isiyokimudu Kiarabu huziachanisha na kuzipanga kuanzia kushoto. Tazama neno Mubarak: likisomwa kutoka kulia, herufi tatu za mwanzo lazima zishikane. Ukizikuta zimesimama mojamoja, neno limeharibika. Mpe anayesoma Kiarabu faili lenyewe linalokwenda kuchapwa, maana rasimu inaweza kuwa safi na herufi zikaachana wakati wa kuhamisha. Halafu msitegeshe tangazo lijirushe lenyewe. Ramadhani ina siku 29 au 30, na "Idi Mubarak" ikitoka watu bado wamefunga, inaonekana hamkujali hata kuuliza. Awepo mtu wa kulirusha mwezi ukishatangazwa.

Mpangaji: Asanteni sana. Aya na Kaaba tumeondoa, mifuko itabaki na nembo tu. Ila bosi hataki kuliachia punguzo.

Ummu Nasra: Ningeyatenganisha. Punguzo mlitangaze siku za mwisho za mfungo, watu wakiwa kwenye manunuzi. Siku ya Idi mtupe salamu peke yake.

Fundi Mabango: Hapo dada sikubaliani nawe. Mteja anajua ni duka linaloongea. Salamu ikae juu kwa herufi kubwa, punguzo chini kwa herufi ndogo, sioni kosa.

Ummu Nasra: Mimi naliona. Ukinitakia Idi njema, sitaki kutazama chini nijue unauza nini.