MREJESHO: Dhamana ya zabuni, siku 90 au 118?

Niliuliza: “Zabuni inadumu siku 90, dhamana inatakiwa izidi hapo kwa siku 28. Benki niiambie siku ngapi?”

Wakuu, asanteni sana. Nilihesabu siku 118 kuanzia siku ya mwisho ya kuwasilisha zabuni, si siku benki inapotoa barua, na benki wakafuata fomu ya kwenye kabrasha neno kwa neno. Ukaguzi wa awali tukapita. Mshindani mwenye bei ndogo kuliko yetu alitolewa hapohapo kwa dhamana pungufu.

Tulikwama kwenye uzoefu. Cheti cha kukamilisha kazi hakikutaja thamani ya mkataba, basi bei yetu haikufika hata kulinganishwa. Mteja aliyetupa cheti hicho ameshakubali kutoa kingine chenye kiasi.