Akaunti ya kazi za mtandaoni imesimamishwa: nani alikata rufaa ikarudi? Tupeane uzoefu

Nyabo wa Kansanga
Jana usiku kijana wa chumba cha jirani amenigongea mlango, laptopu imefunguka mikononi kama amebeba mtoto mgonjwa. Akaunti yake ya kazi za mtandaoni imesimamishwa, ndani kuna dola 212. Ameshaandikia sapoti mara nne na zote ni kilio tu. Nikakumbuka yangu ilivyofungwa mwaka juzi nikakaa sakafuni jikoni nusu saa. Waliopitia haya leteni habari, nimsomee.

Boda Dijito
Pole yake. Mimi mpaka leo nikiona imeili ya sapoti tumbo linakata.

Mama Transkripti
Bambi umenigusa kidonda. Niseme yangu yote.

Mimi naandika maneno ya rekodi, mahojiano, mikutano, vitu hivyo. Tangu serikali ifunge Facebook hapa Uganda Januari 2021 mnajua wenyewe, VPN imekuwa kama chumvi, iko kwenye simu unasahau kama iko. Basi ilikuwa Jumatano, nimeingia kwa akaunti na laptopu saa nane na dakika kumi mchana, nikapeleka faili la klaiyenti. Halafu nikachukua simu kuangalia group la kanisa kule Facebook, VPN nikawasha, seva ikachagua Uholanzi yenyewe, na nikiwa humo humo nikafungua programu ya kazi kuona kama klaiyenti amejibu. Hiyo ilikuwa saa nane na nusu na dakika mbili. Kwa macho yao mtu mmoja alikuwa Kampala, dakika ishirini na mbili baadaye yuko Amsterdam. Saa nane na dakika arobaini imeili imeingia, akaunti imesimamishwa kwa usalama.

Nilichofanya kwanza ni ujinga mtupu, nimetuma tiketi tano usiku ule, moja herufi kubwa zote, moja nimewaambia nina watoto watatu na Mungu anawaona. Wamejibu kwa barua ile ile wanayompa kila mtu.

Siku ya tatu dada yangu akaniambia andika kama unatoa ushahidi polisi, usilie. Nikaandika vizuri, nikasema niliingia saa 8:10, halafu nikaingia tena 8:32 na VPN. Wakajibu kumbukumbu zao hazionyeshi kitu kama hicho saa hizo. Hapo ndipo nikajiona mwongo bila kudanganya! Si nimeona saa ya Kiswahili nikaiweka vile vile kwenye Kiingereza? Saa nane yetu kwao ni 14. Na wao hata hiyo 14 hawaitumii, mfumo wao unasoma UTC, ambayo iko nyuma yetu saa tatu. Kwa hiyo saa nane na kumi yangu kwao ni 11:10. Nilikuwa nimewapa muda ambao kwao nilikuwa bado sijaingia kabisa.

Boda Dijito
Heee! Hii ya saa imenimaliza. Mimi kila siku nawaandikia wazungu "saa tatu" wananikosa kwenye simu.

Dogo wa Ntinda
Tatizo hapo ni VPN tu basi. IP ni kama namba ya gari, kila mtu na yake, ukitumia ya mwingine umeshikwa. Zima VPN hutafungwa maisha.

Mzee wa Tiketi
Dogo, nusu uko sawa. VPN kweli inaleta shida, lakini IP ya intaneti ya simu si namba ya gari, ni kama taksi ya kwenda Old Park, mmejaa humo watu wengi na namba moja. Kampuni za simu zinawapa wateja wengi anwani moja ya nje. Hosteli yenye ruta moja ni hivyo hivyo. Nimeona ndugu wawili chumba kimoja wamefungwa wote kwa kushukiwa ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili.

Dogo wa Ntinda
Mimi nimesoma hizi vitu chuo mzee.

Mzee wa Tiketi
Na mimi nimekaa miaka kwenye meza ya sapoti, si ya kampuni hiyo lakini kazi ni moja. Angalia kwenye simu yako IP inayoonyesha kwenye mipangilio, halafu fungua ukurasa wa kukuonyesha IP yako. Kama ya simu inaanza na 10 au 100.64 na ya ukurasa ni nyingine kabisa, uko kwenye taksi.

Dogo wa Ntinda
...inaanza na 10. Haya.

Nyabo wa Kansanga
Mama Transkripti malizia, kijana yuko hapa ananitolea macho. Uliandika nini?

Mama Transkripti
Niliandika Kiingereza, ila maana yake ilikuwa hii. Nilijibu ndani ya tiketi ile ile, sikufungua nyingine:

"Habari. Narekebisha kosa langu la awali: saa nilizotoa hazikuwa za UTC. Akaunti yangu ilisimamishwa Jumatano saa 11:40 UTC. Siku hiyo niliingia mara mbili. Saa 11:10 UTC kwa laptopu, kutoka nyumbani Kampala, bila VPN. Saa 11:32 UTC kwa simu yangu, VPN ikiwa imewashwa kwa sababu ya programu nyingine, seva yake ikiwa Uholanzi. Mara zote mbili ni mimi, na hakuna mwingine mwenye nywila yangu. Nimeambatanisha picha ya skrini ya VPN yenye seva na saa, imeili yenu ya kunijulisha kuhusu kuingia kupya, na kitambulisho changu cha taifa mbele na nyuma. VPN nimeiondoa kwenye simu hii. Naomba mkague upya. Kama mnahitaji uthibitisho wa vidiyo, niko tayari siku yoyote kati ya 6:00 na 15:00 UTC."

Basi. Watoto sikuwataja. Siku ya sita wamejibu, wakataka vidiyo, mtu akaniambia nishike kitambulisho karibu na uso nigeuze kichwa. Siku ya tisa ikafunguka. Ila kazi iliyokuwa wazi klaiyenti alishaifunga, hiyo haikurudi.

Mzee wa Tiketi
Angalieni alichofanya, kosa la saa amelitaja mwenyewe mstari wa kwanza. Anayesoma ana dakika chache, amefungua kumbukumbu upande mmoja na barua yako upande mwingine. Ukimpa 11:32 akaiona 11:32 kwenye skrini yake, umeshamfanyia kazi. Ukimpa hasira hana pa kuilinganisha. Na zile tiketi tano, pale nilipokuwa tulikuwa tunaziunganisha kuwa moja na wakati mwingine unarudi nyuma ya foleni. Kitambulisho pia, kipige picha pembe nne zote zionekane, usikikate wala usikipake filta ya kung'arisha. Picha iliyoguswa inatia shaka kuliko picha mbaya.

Mwana wa Bunia
Miye niko mkimbizi, niko na ile kadi ya wakimbizi ya hapa Uganda. Kwenye orodha yao ya vitambulisho haiko. Kuna mtu alisha pita na hiyo?

Mama Transkripti
Sijui ndugu yangu. Una ile hati ya kusafiria ya wakimbizi? Hiyo iko kama pasipoti.

Mwana wa Bunia
Nilisha omba. Ningali nangoja.

Fundi Logo
Mimi walitaka uthibitisho wa makazi, bili ya umeme yenye jina langu. Nani hapa ana bili ya umeme? Yaka unanunua yuniti kwa simu, na mita ina jina la landilodi! Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1 akanipa barua na muhuri, wakaikataa. Kilichopita ni taarifa ya benki, nilienda tawini nikawaambia waweke anwani yangu kwenye mfumo kwanza ndipo wachape. Jina liwe lile lile la kwenye profaili na kwenye kitambulisho, mimi profaili ilikuwa na jina la utani nikazungushwa wiki nzima.

Boda Dijito
Mimi ya LC1 walikubali.

Fundi Logo
Basi ulipata mtu mwenye huruma siku hiyo.

Baba Mapacha Masindi
Nyie mna shida ndogo. Akaunti yangu niliifungua kwa kitambulisho cha mke wangu kwa sababu changu kilikuwa kimepotea. Miaka miwili napiga kazi ya kuingiza data kwa jina la mama watoto, raha mustarehe. Siku wameomba vidiyo ya mwenye akaunti, mke ameshakasirika amerudi kwao wiki mbili zilizopita, na ndani kuna dola 640. Nikapanda basi. Nimefika kwa wakwe najieleza, baba mkwe ananisikiliza kimya, halafu anauliza: kwa hiyo umekuja kumchukua binti yangu au uso wake?

Boda Dijito
WEWE!!! Endelea

Fundi Logo
Uzi umeisha hapa, tumsikilize huyu

Baba Mapacha Masindi
Wakanitoza mbuzi. Mke akakubali, tukafanya vidiyo uani kwa wakwe, mtandao unakatika kuku wanapita nyuma. Walimwuliza anafanya kazi gani, akajibu vizuri kuliko mimi. Akaunti ikarudi. Sasa hela anatoa yeye, zinaingia kwenye simu yake.

Dogo wa Ntinda
Haki iko hapo hapo. Akaunti ni yake.

Mzee wa Tiketi
Mzee mwenzangu, hiyo ulibahatika, tena usiirudie. Karibu kila jukwaa linasema akaunti ni ya mtu mmoja anayefanya kazi mwenyewe. Ukisema kweli wanafunga, ukidanganya umedanganya. Hapo barua tulivu haina pa kushika.

Fundi Logo
Si angewaambia ukweli tu, wangeelewa?

Mama Transkripti
Hawaelewi hivyo. Mimi ningemwambia mke aanze kufanya kazi kweli.

Nyabo wa Kansanga
Jamani turudi kwa kijana. Nimemwuliza vizuri, kumbe si VPN. Alikuwa anamwazima laptopu rafiki yake wa hosteli, naye rafiki ana akaunti yake huko huko. Aseme hivyo au anyamaze?

Dogo wa Ntinda
Anyamaze. Wewe usijichongee.

Mzee wa Tiketi
Aseme. Wao kifaa wanakiona. Aandike laptopu ni yake, rafiki aliingia akaunti yake mwenyewe tarehe fulani saa fulani UTC, kazi ni mbalimbali na malipo yanaenda namba mbili tofauti, aambatanishe. Na asifungue akaunti ya pili akisubiri, hiyo ndiyo itamzika.

Nyabo wa Kansanga
Ya pili amefungua leo asubuhi.

Mama Transkripti
Yesu.

Mama Mapacha
Mimi ndiye mke. Mbuzi walikuwa wawili.

Nyabo wa Kansanga
Mzee, ile ya pili aifute kwanza au awaambie kwanza?