Naomba ushauri: anajibu "poa" tu, na haulizi kitu

Habari zenu wakuu. Kuna dada wa Morogoro tuliyekutana kwenye programu ya kutafuta wachumba, wiki ya pili sasa tunachati. Anajibu haraka, lakini neno moja: "poa", "ndiyo", "kazini". Jana nilimuuliza anapenda kupika nini, akajibu "wali". Basi. Hajawahi kuniuliza hata ninaishi wapi.

Nimejaribu maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, nikatuma na sauti. Akarudisha kidole gumba. Nikanyamaza siku tatu, akaniandikia mwenyewe "mambo". Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Je, nimwombe tuongee kwa simu dakika kumi nimpime, au nimwambie wazi kwamba haniulizi kitu? Na nikimwambia, niliwekeje lisionekane lawama?