Mjadala: Kufuta rekodi za tovuti za nje huko Facebook kunatukinga?

BintiShela: Nimefungua "Your activity off Meta technologies", orodha ya tovuti zinazoipelekea Facebook habari zangu, nikakuta duka la mtandaoni ninaloagizia dawa za sukari za mama. Nimefuta yote. Nimejikinga, au bado?

NahodhaMkomani: Umejikinga, dada. Ukibonyeza "Clear previous activity" yamekwisha. Ila watu wa siku hizi mna hofu nyingi. Asiye na la kuficha haogopi kutazamwa.

MamaLangoni: La kuficha? Kaka, mgeni Lamu hukaribishwa dakani, haingii hadi ndani. Maradhi ya mtu ni ya ndani. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeyaweka kwenye taarifa nyeti.

NahodhaMkomani: Daka limeingiaje hapa? Mimi nimemjibu aliyeuliza.

FundiMalindi: Nahodha, umejibu nusu. Hiyo imeondoa ya nyuma tu. Akirudi dukani leo jioni, rekodi mpya inaanza. Ya mbele huzimwa kwa "Disconnect future activity", na jiandae, programu unazoingilia kwa akaunti ya Facebook huenda zikakutoa. Hata ukizima, duka halinyamazi. Mwenye tovuti ameweka Meta Pixel, kipande cha msimbo kinachoripoti kwa Facebook: ukifungua ukurasa wa dawa inapeleka "ViewContent", ukilipa inapeleka "Purchase". Facebook inazipokea vilevile, ila haiziambatanishi na akaunti yako. Idadi ya matangazo haipungui.

ChumbaNaBahari: Sasa sisi wenye nyumba za wageni ndio wezi? Mtu ameangalia chumba changu akaondoka bila kulipa, nikimfuata na tangazo nimekosa nini? Msimu ukiwa mbaya hamtulishi nyinyi.

MamaLangoni: Kosa ni kutomwambia. Mweleze mgeni kabla hajaandika jina lake.

ChumbaNaBahari: Andika wewe hilo tangazo la kufukuza wateja.

NahodhaMkomani: Basi weka kivinjari kinachozuia vifuatiliaji, mambo yaishe.

FundiMalindi: Kitaizuia Pixel, kwa sababu hiyo hukaa kwenye ukurasa unaoufungua. Lakini duka likitumia Conversions API, taarifa inatoka kwenye seva yao, simu yako haihusiki. Nambari uliyoandika kwenye oda inafumbwa kwa SHA-256, Facebook inafumba za kwake kwa njia ileile, zikifanana wanajua ni nani. Ndiyo maana unaweza kuzuia kila kitu kwenye kivinjari na bado ukalikuta duka kwenye orodha. Ligonge jina lake uone tarehe ya mwisho kupokewa, ila usitazame leo leo. Huchukua siku kadhaa kuonekana.

BintiShela: Nambari niliyoandika kwenye oda ni ya mama, ndiye anayepokea mzigo gatini. Ina maana na yeye ameunganishwa?

FundiMalindi: Inawezekana, kama ndiyo nambari iliyo kwenye akaunti yake. Kufuta au kuzima kwako hakumgusi yeye. Mwombe simu, ufungue orodha yake.

ChumbaNaBahari: Swali langu bado halijajibiwa.