D = 0, jaribio la derivativu ya pili limegoma. Naweza kuandika "kima cha chini"?

Msaka_Nukta:
Wakuu, habari zenu. Nina funksheni ya vigeu viwili, nukta tuli ni moja tu, (0,0). Nimetafuta derivativu zote za pili, nikakokotoa D, nikapata sifuri. Kitabu kinasema hapo jaribio halitoi jibu, halafu kinaendelea na mada nyingine. Nimehangaika nayo kwa njia yangu na naona ni kima cha chini, ila roho haijatulia. Nikiandika hivyo msahihishaji atakubali?

Mizani:
D ikiwa sifuri ni tandiko. Andika tandiko uende zako.

Mama_Pembetatu:
Hapana, Mizani. Chukua x⁴ + y⁴. Pale (0,0) D ni sifuri, na kila mtu anaona ni kima cha chini. Msaka_Nukta, funksheni yenyewe ni ipi?

Kamba_Ndefu:
Mimi yaliwahi kunikuta kwenye swali lenye sharti x + y = 1. Tumia kizidishi cha Lagrange, mkuu, mambo yote yananyooka. Mimi nilihangaika mpaka nikakaribia kuliacha somo, kumbe nilisahau sharti tu. Vijana msome maswali mpaka mwisho.

Msaka_Nukta:
Asante, ila langu halina sharti. Mama, kuhusu njia yangu: nimepita kwenye mistari yote minyoofu inayokatiza (0,0). Nimeweka y = mx, m yoyote ile, na kila mstari unatoa kima cha chini pale sifuri. Mstari wa x = 0 nao hivyo hivyo. Hakuna upande niliouacha. Grafu nimechora pia, ni bakuli kabisa.

Mama_Pembetatu:
Mwanangu, nimeuliza funksheni.

Msaka_Nukta:
f(x,y) = y² − 3x²y + 2x⁴

Naomba mjue jibu nimeshaliandika kwenye masuluhisho ya kikundi chetu na wenzangu wanayategemea. Ndiyo maana nataka kujua kama hoja ya mistari inatosha.

Derivativu_ya_Nne:
Inatosha, na kuna njia fupi zaidi. Derivativu ya pili kwa y ni 2, kwa hiyo upande wa y uko salama. Upande uliokufa ni wa x peke yake. Weka y = 0, unabaki na 2x⁴. Derivativu ya nne ni 48, chanya. Kima cha chini. Nimefanya hivi kwenye mitihani na nikapewa alama zote.

Mama_Pembetatu:
Njia hiyo inakubali pale ambapo x na y hazijashikana. Hapa kuna −3x²y katikati, na huwezi kuifuta kwa kuweka y = 0 kisha ukajifanya haikuwepo.

Msaka_Nukta, weka y = 1.5x². Unapata 2.25x⁴ − 4.5x⁴ + 2x⁴, yaani −0.25x⁴. Hasi, hata ukiisogelea (0,0) kiasi gani. Kwa namba: x = 0.1 na y = 0.015 inatoa −0.000025. Pale (0,0) thamani ni sifuri. Basi si kima cha chini. Na kwa kuwa ukipanda mhimili wa y unapata y², ambayo ni chanya, ni tandiko.

Msaka_Nukta:
Lakini mistari yote ni chanya, Mama! Hiyo 1.5x² si mstari, ni njia uliyoichagua wewe makusudi. Na bakuli kwenye grafu je?

Mama_Pembetatu:
Kima cha chini kinadai duara moja kuzunguka nukta, na ndani yake kila nukta iwe juu au sawa, utakayoichagua na usiyoichagua. Mistari haikupi duara hilo. Itenganishe kwanza: f = (y − x²)(y − 2x²). Sasa weka y = mx, inakuwa x²(m − x)(m − 2x). Chukua m chanya: ni kweli karibu na sifuri ni chanya, lakini x ikivuka m/2 inageuka hasi mpaka ifike m. Mstari wenye m = 1 una usalama mpaka x = 0.5. Wenye m = 0.01 una usalama mpaka 0.005 tu. Kila mstari una kipande chake cha usalama, na vipande hivyo vinazidi kufupika kadiri mstari unavyolala. Hakuna umbali mmoja unaofaa mistari yote, na hapo ndipo hoja yako inapokatikia.

Grafu nayo: ukichora kutoka −0.5 mpaka 0.5, thamani ya juu kabisa ni 0.75, na ya chini kabisa ni −0.0156 hivi, tena kwenye utepe mwembamba kati ya parabola mbili. Jicho haliwezi kuiona. Chora alama tu, chanya rangi moja na hasi rangi nyingine, utepe utauona.

Mkaguzi:
Samahani, mimi nina shaka na uzi huu. Zao la parabola mbili, chanya kwenye kila mstari lakini si kima cha chini, ni mfano wa jamii ile ile aliyoitoa Giuseppe Peano mwaka 1884 kuonyesha kwamba hoja ya mistari haifai. Eti mtu amekutana nao kwa bahati, na amefanya kosa lile lile? Huyu anatupima. Hakuna kikundi wala masuluhisho.

Kamba_Ndefu:
Hata mimi nilishangaa amekataa Lagrange upesi hivyo.

Msaka_Nukta:
Sipimi mtu. Karatasi ya maswali nimepewa, sijaitunga, na aliyeitunga anaweza kuwa anamjua Peano. Sikutaka kuliweka hili, lakini basi: swali lina sehemu (a) na (b). (a) ni hiyo mliyoiona. (b) ni y² − 3x²y + 3x⁴. Njia ya mistari inatoa jibu lile lile kwa zote mbili, na nikajiuliza kwa nini mtu aulize kitu kimoja mara mbili. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Mama_Pembetatu:
Ungeanza na hilo! Hiyo ndiyo karatasi yenyewe, Mkaguzi, na imetungwa vizuri.

Fanya hivi kwa zote mbili. Kwa kuwa derivativu ya pili kwa y si sifuri, shika x mahali pamoja na utafute y inayoifanya f iwe ndogo kabisa: 2y − 3x² = 0, yaani y = 1.5x². Sikuichagua kwa kubahatisha, ndiyo mkondo wa chini wa bonde. Irudishe ndani, ubaki na kigeu kimoja. Kwa (a) unapata −0.25x⁴: mkondo wenyewe unashuka, ni tandiko. Kwa (b) unapata 0.75x⁴: hata mkondo wa chini kabisa unapanda, kwa hiyo kila kitu kinapanda. Kima cha chini, na umethibitisha bila kugusa mstari hata mmoja. Mpaka uko kwenye 2.25x⁴. Hapo f ni (y − 1.5x²)², na parabola nzima iko kwenye sifuri.

Derivativu_ya_Nne:
Na kama derivativu zote za pili ni sifuri? Mfano x³ − 3xy². Hakuna cha kutatua kwa y hapo.

Mama_Pembetatu:
Hapo njia hii haiingii. Mfano wako ni mwepesi, kwani mhimili wa x peke yake unatoa x³, ambayo inabadilisha alama, kwa hiyo ni tandiko. Ila zikianza na x²y² pamoja na vipeo vya juu, kila moja inataka kazi yake. Sina kanuni moja ya kukupa.

Msaka_Nukta:
Nabadilisha (a). (b) naiacha kima cha chini, lakini natoa mistari naweka mkondo. Ila bado naona mtu aliyejaribu mistari yote angestahili nusu ya alama.

Mkaguzi:
Kwa (b) jibu lako lilikuwa sahihi kwa hoja isiyo sahihi. Mimi nisingetoa hata robo.