Dola imeshuka, mtu kashika kalkuleta YANGU kunipangia bei dukani kwangu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jina sitaji. Mwenye duka Mbuyuni hapa Moshi anamjua: kofia ya pama, simu mbili, na hajawahi kununua hata kibiriti bila kukusuta kwanza.

Saa nne asubuhi, Desemba hii ya 2024, duka limefurika wageni waliopanda kuja kula Krismasi nyumbani. Ananyanyua blenda. Bei? Elfu sitini. Akacheka. Akapitisha mkono juu ya kaunta, akachukua kalkuleta YANGU, ile ya vitufe vikubwa, akaanza kubonyeza huku anatangaza kama anasoma ndoa kanisani: "Dola Oktoba 2,720. Dola leo 2,400. Mangi, mbona wewe hujashuka?" Duka zima kimya. Mama mmoja akaitoa kwenye mfuko blenda aliyokwisha kufungiwa, akairudisha rafuni.

Kalkuleta yangu, wakuu!

Haya, hesabu ni hii. Blenda 200, kila moja dola 15 kiwandani, jumla 3,000. Asilimia 30 nilituma Septemba dola ikiwa 2,700. Zilizobaki nikamalizia Oktoba kabla hawajapakia, kwa 2,720. Hapo 8,142,000 zimeshatoka. Mzigo umefika wiki juzi, ajenti wa kontena la kuchangia kanichaji dola 1,000 pamoja na ushuru, kwa 2,500. Lori toka Dar laki mbili. Gawanya mwenyewe: kila blenda imenifikia kwa 54,210. Dola ya leo inanihusu nini? Na yeye anabonyeza. Anabonyeza tu, mpaka kioo kikajaa namba!

MamaVitenge: Nimecheka mpaka wateja wamenigeukia. Kalkuleta imepona?

Mbuyuni_Kati: Mangi nakujua. Mwezi wa tisa uliniuzia blenda hiyo hiyo 65, ukasema dola imepanda. Boksi lilikuwa na vumbi la tangu Pasaka. Siku hiyo dola ya leo ilikuhusu vizuri tu.

Mwanzisha uzi: Usilete ya zamani. Hapa tunaongelea kalkuleta.

Kijana_wa_Sakina: Kosa lako kulipa mara mbili. Ungelipa zote Septemba usingelia.

Babu_Forodha: Angeokoa 42,000 kwa mzigo mzima, tena Mchina angekuwa ameshika hela yote kabla hajafunga skrubu moja. Shida haipo hapo. Mangi, 54,210 ni kweli, ila ni yako peke yako. Anayelipa leo, kwa dola zile zile 4,000 na lori lile lile, blenda itamfikia kwa elfu 49. Mzigo wake ukitua Februari, 60 yako utamuuzia nani? Uza 55 sasa, wageni hawajashuka Dar. Zikiisha una milioni 11. Kwa shilingi umepata 158,000, utatamani kulia. Lakini peleka benki kesho yake: kwa 2,400 unatoka na dola 4,583, na wewe ulitoa 4,000. Rafu inajaa tena, lori unalipa, na chenji inabaki.

Mwanzisha uzi: Na kodi ya duka kwenye hiyo 158,000?

Babu_Forodha: Haimo. Sijasema utanenepa. Nasema tu usilale na shilingi. Mwisho wa mwaka korosho na watalii wanaleta dola, zikianza kupungua bei inageuka, na wewe utakuwa bado unalinda 60 yako.

Shangazi_Memorial: Babu, hizo dola 4,583 benki gani? Mwaka jana niliambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka mlinzi akawa ananisalimia kwa jina la mwanangu.

Babu_Forodha: Hapo umenipata.

Dereva_Namanga: Nyie mna dola, mimi nina shilingi ya Kenya. Januari naichukua kwa kama 16, Machi imepita 19. Sabuni ile ile, katoni ile ile. Mteja wa soko la Kilombero, Arusha, ananiambia "Namanga si ni hapo tu!" Kwani umbali ndio uliopanda?

Kijana_wa_Sakina: Angalau wewe una pa kubadilishia. Arusha 2018 walivyofunga maduka ya fedha za kigeni, mjomba wangu alizunguka na dola za mtalii kama mtu mwenye noti za bandia.

MamaVitenge: Mjomba wako yule wa magari? Ananidai vitenge, mwambie… au mimi ndiye namdai. Nitaangalia daftari.

Dereva_Namanga: Hamjanijibu ya sabuni.

Mwanzisha uzi: Jamani, KALKULETA.

Mgeni_wa_Krismasi: Samahani wakuu, hiyo blenda inasaga karanga?

Mwanzisha uzi: Inasaga hadi karafuu. Sitini.

Mgeni_wa_Krismasi: Hamsini na tano naja sasa hivi.

Mwanzisha uzi: Mkuu, una kofia?