Kanda ngapi zinatosha kwenye chati ya siku ya Solana, na tuchore kwa mikia au kwa miili?

Juma_Kihonda
Wakuu, naomba tujadili. Kwenye chati ya siku ya SOLUSDT nina mistari 14 ya sapoti na rezistansi, na kila bei inapogeuka nakuta kuna mstari hapohapo. Inafanya kazi kweli au nimeilazimisha? Na kanda ianzie kwenye mkia wa mshumaa au kwenye mwili?

BiMwana_Tanga
Juma, piga hesabu hii kwanza. Kuanzia Machi hadi Oktoba 2024 Solana ilizunguka kati ya dola 110 na 210, yaani upana wa dola 100. Unaposema bei "imegusa" mstari, bila shaka unaruhusu kama dola 4 juu na 4 chini, kwa hiyo kila mstari wako ni kanda ya dola 8. 14 mara 8 ni 112. Umeifunika safu yote na bado kuna ziada. Bei haina pa kugeukia pasipo na mstari wako, ndiyo maana haukosei kamwe.

Kanda tatu za upana huohuo zinafunika dola 24 kati ya 100. Hapo bei ina nafasi ya kutosha ya kugeuka nje ya kanda, na ikigeuka ndani, una cha kuuliza. Binafsi sizidishi theluthi moja ya safu, na hesabu hii naifanya kabla ya kuangalia kama kanda "zinaheshimiwa".

Kuhusu kuchora, tatizo kubwa ni jicho. Jicho likiona mgeuko linatafuta mwenzake hadi limpate. Liondolee kazi hiyo kwa kanuni: kilele ni siku ambayo bei yake ya juu haikupitwa na siku 10 zilizotangulia wala 10 zilizofuata, na bonde ni vivyo hivyo kwa upande wa chini. Kwenye TradingView bandika hii:

```
//@version=5
indicator("Vilele na mabonde", overlay=true)
n = 10
ph = ta.pivothigh(high, n, n)
pl = ta.pivotlow(low, n, n)
plotshape(not na(ph), style=shape.triangledown, location=location.abovebar, offset=-n)
plotshape(not na(pl), style=shape.triangleup, location=location.belowbar, offset=-n)
```

Kanda inazaliwa pale tu alama mbili au zaidi, zilizopishana angalau siku 10, zinapoangukia ndani ya upana usiozidi ATR moja ya siku 14, yaani wastani wa mwendo wa bei kwa siku. Kwa Solana ya katikati ya 2024, ATR hiyo ilikuwa karibu dola 8 hadi 10. Alama iliyo peke yake haipewi kanda, hata iwe ya kupendeza namna gani.

FundiMistari
Dada, nakubali mistari 14 ni mingi, ila hiyo kanuni yako inatupa vitu vizuri. Kilele cha Mei 2024 kilikuwa karibu na 188. Mimi 188 niliichora, na Julai 29 bei ikafika karibu 194 ikageuka. Wewe hapo ungekuwa huna kitu. Pia umesahau jambo la msingi: kanda iliyoguswa mara nyingi ndiyo yenye nguvu zaidi.

BiMwana_Tanga
Kweli, ningekuwa sina kitu hapo, na hiyo ndiyo gharama ya kanuni. Tuifuate hatua kwa hatua ili Juma aione.

Simamisha chati mwisho wa siku ya tarehe 4 Julai 2024 kwa kitufe cha kurudisha nyuma, usione kilichofuata. Upande wa juu una vilele viwili: katikati ya Machi karibu na 210, na mwanzoni mwa Aprili karibu na 205. Vimepishana wiki mbili na viko ndani ya ATR moja, kwa hiyo kanda ya juu ni 203 hadi 211. Upande wa chini una mikia ya katikati ya Aprili, mwanzo wa Mei na Juni 24, yote kati ya 116 na 123. Hiyo ni kanda ya pili. Ile 188 ya Mei iko peke yake, inasubiri.

Sasa achia chati iende. Julai 5 bei ikashuka hadi karibu 121 na kupanda. Agosti 5 ikatoboa hadi 110, lakini siku ikafungwa juu ya kanda. Septemba 6 ikarudi karibu na 120 ikapanda tena. Kanda ya juu haikuguswa hadi Novemba, na ilipoguswa haikuzuia chochote cha maana, kwani kabla mwezi haujaisha bei ilikuwa imevuka 260.

Kaka Fundi, swali langu kwako si kama 188 ilifanya kazi. Siku hiyo ya Julai 29 ulikuwa na mistari mingapi mingine kati ya 150 na 210? Kama ilikuwa sita, mmoja wao lazima ungeonekana hodari.

Na kuhusu kuguswa mara nyingi, upo sahihi nusu. Miguso miwili au mitatu inaonyesha kwamba kuna watu wanaoweka oda hapo. Lakini kila mguso unakula sehemu ya oda hizo. Ukiona miguso mitano, kila mdundo ukiwa mfupi kuliko uliotangulia, hiyo ni sapoti inayoisha.

FundiMistari
Sikumbuki idadi. Ilikuwa zaidi ya mitatu.

Otieno_Takwimu
Mimi niko Kisumu na sitaki kuwaharibia, lakini hata kanda mbili zinaweza kuwa za kubuni. Chukua mabadiliko ya bei ya kila siku kwa asilimia, yachanganye ovyo kwenye lahajedwali, jenga chati mpya, kisha tumia kanuni hiyohiyo ya siku 10. Utapata vilele, mabonde na kanda safi kabisa kwenye chati ambayo haina mnunuzi hata mmoja. Kabla ya kuamini kanda yoyote, nataka kuona imeishinda chati hiyo ya uongo.

BiMwana_Tanga
Nakuunga mkono. Asiyejua kutengeneza lahajedwali anaweza kufanya jaribio jepesi zaidi. Chukua kanda zako zote, zisogeze juu kwa asilimia 7, kisha hesabu upya kwa masharti yaleyale. Masharti yaandikwe mapema: bei imeingia ndani ya kanda, na ndani ya siku 10 imefunga umbali wa ATR moja na nusu upande iliotokea, kabla ya kufunga ng'ambo ya pili. Hiyo inahesabiwa kuwa mdundo. Kama kanda zilizosogezwa zinapata midundo karibu sawa na za asili, umechora mapambo.

Ubaya ni kwamba kwa mwaka mmoja unapata miguso michache mno. Nne kati ya sita na tatu kati ya sita hazitofautiani kwa lolote la kutegemewa. Rudia jaribio kwa sarafu nyingine kadhaa bila kubadilisha ile 10 wala upana. Ukianza kubadilisha 10 kuwa 8 kwa sababu 8 "inatoa vizuri", umerudi kwenye mistari 14 kwa mlango wa nyuma.

Otieno_Takwimu
Ongeza hili, kwa sababu watu wengi hudanganyika hapo. Ile alama ya kilele huchorwa siku 10 nyuma, kwa sababu ya `offset=-n`. Ukitazama chati ya zamani unaona pembetatu juu ya kilele chenyewe, lakini siku ile haikuwepo. Ilijulikana siku 10 baadaye. Kwenye jaribio, kanda ianze kuhesabiwa siku alama ya pili ilipothibitishwa, si siku bei ilipogeuka.

Neema_Mbeya
Samahani jamani, hii inafaa kwa koini ndogo? Nina moja yenye nembo ya mbwa, ina wiki sita tangu iingie sokoni. Nimechora kanda kwenye dakika 15 na zote zinavunjwa.

BiMwana_Tanga
Neema mdogo wangu, hapa tunaongelea chati ya siku. Wiki sita ni mishumaa 42, na kila alama inahitaji 10 mbele na 10 nyuma. Ukitoa 10 za mwanzo na 10 za mwisho, zinabaki siku 22 ambazo zinaweza kuwa na kilele kilichothibitishwa. Huwezi kupata kanda ya kuaminika humo, na kushuka hadi dakika 15 kunakuongezea mishumaa bila kukuongezea historia. Kwenye koini hiyo usichore. Amua tu kiasi unachoweza kupoteza.

Juma_Kihonda
Nimeelewa idadi. Mikia na miili je?

FundiMistari
Miili. Tazama Agosti 5, 2024: soko la hisa la Japani lilianguka zaidi ya asilimia 12 siku hiyo, na waliokuwa wamekopa kununua wakauziwa kwa lazima. Ule mkia wa 110 ni mauzo ya kulazimishwa, si maoni ya mtu kuhusu bei. Katikati ya Aprili ilikuwa hivyohivyo, Iran iliposhambulia Israeli usiku wa wikendi na oda zikiwa chache. Ukitumia bei za kufunga, sakafu ya mwaka ule inakaa juu zaidi, kati ya 126 na 132 hivi.

BiMwana_Tanga
Hoja nzuri, kaka, lakini angalia upande wa pili wa muamala. Aliyeuza alilazimishwa, aliyenunua hakulazimishwa. Mkia unaonyesha mahali ambapo mnunuzi mwenye fedha alikuwa anasubiri. Mimi naweka ukingo wa chini kwenye mikia, isipokuwa mkia mmoja uliotoka nje ya wenzake kwa zaidi ya nusu ya ATR. Kwa hiyo 110 siihesabu na 116 naihesabu. Kuvunjika kwa kanda nakupima kwa bei ya kufunga pekee.

Na hapo kumbuka saa: mshumaa wa siku unafungwa saa sita usiku kwa UTC, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa usiku. Kubadilisha saa za chati kwenye TradingView hakubadilishi mshumaa wa siku. Ukiangalia saa nne usiku ukasema "imefunga chini", bado zimebaki saa tano.

Otieno_Takwimu
Mikia pia hutofautiana baina ya masoko. Mkia wa Binance na wa soko lingine siku ya msukosuko unaweza kupishana kwa dola kadhaa, wakati bei za kufunga zinakaribiana sana. Kwa hilo naegemea kwa Fundi. Kanda inayobadilika ukibadilisha soko siiamini.

FundiMistari
Halafu dada, jibu hili. Aprili 2025, baada ya tangazo la ushuru wa Marekani, Solana ilifunga siku kadhaa karibu na 105, na mkia ukafika 95. Kwa kanuni yako kanda ya 116 hadi 123 imekufa?

BiMwana_Tanga
Imekufa. Siku mbili za kufunga nje ya kanda kwa zaidi ya nusu ya ATR zinatosha, naifuta.

FundiMistari
Na haikupita wiki, bei ikawa juu ya 120 tena. Umefuta kanda iliyodumu mwaka mzima kwa sababu ya siku chache za hofu.

BiMwana_Tanga
Nimeifuta, na nitaichora tena ikipata alama mbili mpya, si kabla. Nikiacha kanda ziwe zinafufuka zenyewe kila bei inaporudi, hakuna kitakachofutwa kwenye chati hii milele.

Otieno_Takwimu
Hapo sikubaliani na yeyote kati yenu. Siku mbili ni namba iliyochaguliwa kama ile 10, nayo haijajaribiwa. Juma, ukiwa na muda, pima siku mbili dhidi ya tano kwenye Ethereum na Avalanche kabla ya kuigusa Solana, na uandike masharti yako kabla ya kufungua chati.